Nafasi chache, waombaji wengi: majibu kwa maswali yenu kuhusu droo

Mwanangu alipata 88, mtoto wa jirani 79, na aliyechukuliwa ni wa jirani kwa sababu ya droo. Kwa nini alama zisiamue?

Pole sana. Alama zina maana, lakini zina mpaka. Mtihani ule ule ukirudiwa wiki ijayo, aliyepata 79 anaweza kupata 82, na aliyepata 80 akashuka hadi 77, kwa sababu ya swali moja tu alilolipitia jana yake au usingizi aliokosa. Ukikata mstari kati ya 79 na 80, umeshapiga droo bila kuitaja. Ila pengo la 88 na 79 si la bahati tu, na hapo una hoja.

Uholanzi walipambana na jambo hili kwa miongo kadhaa katika nafasi za kusomea udaktari. Tangu miaka ya 1970 walitumia droo yenye uzani: kadiri wastani wako ulivyokuwa juu, ndivyo nafasi yako ya kuchotwa ilivyoongezeka, ila hakuna aliyehakikishiwa. Kisha mwanafunzi mmoja mwenye wastani wa juu mno akaangushwa na droo mara tatu mfululizo, na watu wakakasirika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sheria ikabadilishwa: mwenye wastani wa 8 kati ya 10 au zaidi aliingia moja kwa moja, waliobaki wakaenda kwenye droo. Mwaka 2017 droo ikafutwa kabisa, vyuo vikachuja kwa mitihani yao na usaili. Miaka michache baadaye ikaruhusiwa tena, kwa hofu kwamba uchujaji unawapendelea wenye uwezo wa kulipia maandalizi.

Msimamo wangu: wale ambao kipimo kinawatofautisha kweli wapitishwe kwanza, na droo iwe ya kundi la katikati ambalo kipimo hakiwezi kulitenganisha.

Walisoma majina ukumbini kutoka kwenye karatasi. Nitajuaje kama hayakupangwa?

Kwa utaratibu huo, huwezi kujua. Hata kompyuta haitoshi. Mtu akibonyeza kitufe ofisini na jina analolitaka lisitokee, atabonyeza tena hadi litokee. Orodha ya mwisho itaonekana ya bahati kabisa, na hakuna atakayegundua kwa kuitazama.

Chukua shule yenye nafasi 40 na waombaji 130. Kwanza, maombi yafungwe na kila fomu ipewe namba, 1 hadi 130. Orodha ya namba hizo ibandikwe siku kadhaa kabla, ili kila mzazi aione yake na waliotuma fomu mbili waonekane. Pili, itangazwe mapema ni programu gani itakayotumika. Tatu, siku yenyewe mbele ya watu dadu zirushwe, tuseme mara sita, na namba inayopatikana ndiyo iingizwe kwenye programu kama namba ya kuanzia. Programu ile ile, orodha ile ile na namba ile ile vitatoa mpangilio ule ule kwa yeyote atakayerudia nyumbani kwake. Hapo hakuna wa kubonyeza mara mbili.

La nne ndilo linalosahaulika zaidi: wapangwe wote 130, si 40 tu. Wa 41 ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri. Nimeona droo safi kabisa ikiharibika wiki mbili baadaye, pale watoto saba walipojitoa na nafasi zao zikaenda kwa waliowahi kupiga simu.

Kama mnachota karatasi kwa mkono, changanyeni kwelikweli. Desemba 1969 Marekani ilipiga droo ya kuita vijana jeshini kwa tarehe za kuzaliwa, vidonge 366. Viliingizwa mwezi baada ya mwezi, vikachanganywa kidogo. Vya Desemba, vilivyoingia mwisho, vikatoka mapema kupita kiasi, na vijana waliozaliwa mwezi huo wakaitwa kwa wingi. Hakuna aliyedanganya. Mchanganyiko tu ndio ulikuwa mbovu.

Nina mapacha. Mmoja amepata, mwingine amekosa. Ni sawa hii?

Si sawa, na ilizuilika. Mapacha wapewe namba moja: wakichotwa, wanaingia wote. Ila kanuni iseme mapema itakuwaje namba yao ikiangukia nafasi ya mwisho, shule iongeze kiti kimoja au la. Kuamua baada ya jina kujulikana ndiko kunakozua lawama.

Binti yangu alitaka shule X akapewa Y. Mwenzake alitaka Y akapewa X. Wazazi wote tumekubali kubadilishana, wanakataa! Wanamwumiza nani?

Wanamlinda mtoto ambaye hamjamwona. Tumwite Neema. Naye alitaka Y, akakosa, lakini kwenye foleni ya Y namba yake ilikuwa mbele ya mwenzake binti yako. Mkibadilishana, huyo mwenzake anamruka Neema kwa sababu tu alibahatika kupata kitu cha kubadilishana.

Amsterdam walipitia haya mwaka 2015. Kila shule ilikuwa na droo yake, kwa hiyo mtoto alikuwa na namba nzuri huku na mbaya kule. Wazazi wakaenda mahakamani wakitaka kubadilishana, wakashindwa. Mwaka uliofuata jiji likampa kila mtoto namba moja kwa shule zote. Kwa njia hiyo haja ya kubadilishana inakwisha: kati ya watoto wawili, mwenye namba bora alishachukua alichokitaka kabla ya mwingine.

Njia hii ina gharama yake. Wengi zaidi wanapata chaguo la kwanza, lakini namba ikiwa mbaya, ni mbaya kila mahali, na wachache huporomoka hadi chaguo la mbali. Bado naipendelea. Mshauri binti yako aorodheshe shule nyingi, kwa mpangilio anaoutaka kwa dhati.

Tunatoa ufadhili kwa droo. Tukiwapa watoto wa familia maskini karatasi mbili kila mmoja, tutakuwa tumewasaidia vya kutosha?

Fanyeni hesabu kabla ya kuahidi. Tuseme waombaji 100, kati yao 20 ni wa familia maskini, na nafasi ni 20. Kwa droo ya kawaida mngetarajia 4 kati yao wapate. Kwa karatasi mbili mbili (ya pili inatupwa mwenyewe akishachotwa) mtarajie kama 6. Mwenye karatasi mbili ana uwezekano wa takriban 31 kwa mia, mwenye moja 17. Haifiki hata mara mbili, na hayo ni matarajio tu; mwaka mwingine watatoka 3.

Kama lengo lenu ni lazima wapatikane angalau 8, karatasi za ziada hazitawafikisha kwa uhakika. Tengeni nafasi 8 zenye droo yake ndani ya kundi hilo, na watakaokosa waingie kwenye droo ya pili ya nafasi 12 pamoja na wengine. Kwa mpangilio huu mtarajie kati ya 9 na 10. Ukigeuzwa, ukaanza na droo ya wote, na waliopita huko wakahesabiwa ndani ya zile 8, 8 bado zitapatikana, ila mtarajie kama 8 tu.