Kumpangisha mgeni nyumba yenye fanicha Kampala: bei, ulinzi na muda

"Wakuu, nina nyumba ya vyumba vitatu Bugolobi, nimeijaza fanicha. Nataka shirika au wageni wa kikazi. Niitangaze dola ngapi, na mkataba uwe wa muda gani?"

Ndugu, mimi nilianza kwa kutangaza dola 1,300 kwa mwezi, kila kitu ndani, nikidhani nimepatia. Kumbe askari wa kampuni, mchana na usiku, walikula 350. Shamba boi na taka 60, jenereta 50. Nikabaki na 840. Halafu kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya pango lote linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, na huruhusiwi kutoa gharama zako kwanza. Ukikadiria harakaharaka, asilimia 12 ya 1,300 zote, ni kama 156 kwa mwezi. Yaani nilikuwa nalipia ushuru hata mshahara wa askari!

Mpangaji wa pili alikuwa shirika. Nikaandika 950, na askari wawalipe wao moja kwa moja. Kwao gharama ni ileile 1,300, kwangu iliongezeka kama dola 42 kila mwezi. Mashirika mengi yana kampuni yao ya ulinzi hata hivyo, kwa hiyo kwenye tangazo weka bei bila askari, useme wazi.

Kabla ya kusaini walimtuma mtu wao wa usalama. Sebule hakuiangalia kabisa, na ile sofa ndiyo iliyonimaliza pesa. Alikwenda chumbani, akashika nondo za dirisha zilizochomelewa, akauliza, "Moto ukiwaka koridoni, mtu atokee wapi?" Sikuwa na jibu. Fundi alikata nondo za dirisha moja kila chumba, akaweka bawaba na kufuli la ndani. Ufunguo unatundikwa karibu, ila pale ambapo mwizi akipitisha mkono au fimbo dirishani haufikii. Yule mtu wa usalama akataka pia geti la chuma linalofunga upande wa vyumba vya kulala usiku. Piga picha za vitu hivyo, pamoja na fensi ya umeme na tangi la maji, uziweke kwenye tangazo. Dalali atakuletea picha za mito ya sofa tu.

Muda: mwaka mmoja unaoweza kurefushwa. Wageni karibu wote watadai kipengele cha kuvunja mkataba wakihamishwa kikazi. Usikikatae, kibane. Wa kwanza wangu aliondoka mwezi wa nne, mradi ulipofungwa, kwa sababu kipengele hakikuwa na kikomo. Sasa naandika hivi: hakitumiki miezi 6 ya mwanzo, baada ya hapo notisi ya maandishi ya miezi 2 pamoja na barua ya mwajiri. Pango hulipwa miezi 3 mbele, amana mwezi mmoja.

Dola ziandikwe ndani ya mkataba kwamba mmekubaliana, maana sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 huchukulia shilingi msiposema. Na orodha ya fanicha isainiwe siku ya funguo, kijiko kwa kijiko. Mie nilidai godoro, nikaulizwa lilikuwa jipya lini.