Maneno ya kutuma kwa wateja wa chakula cha ofisini

Swali: Jamani, napikia maofisi ya Malindi, Zanzibar, wanalipa kwa wiki. Nipeni maneno ya kutuma: menyu, bei na namna ya kusimamisha.

Jibu: Tuma Alkhamisi, hivi:

"Jumatatu wali wa nazi na mchuzi wa samaki, Jumanne chapati na maharage, Jumatano kuku wa kupaka, Alkhamisi ndizi na nyama, Ijumaa pilau. Siku 5 ni shilingi 25,000, kuletewa kumo. Kusimamisha: andika SIMAMISHA, jina, siku na tarehe kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia. Shilingi 5,000 ya siku hiyo itahamia wiki inayofuata, utalipa 20,000."

Tarehe usiiache. Mtu akiandika "kesho msinilete" saa 7 usiku, hujui kesho yake ni ipi, na sahani itafika mezani haina mwenyewe. Saa 12 nayo ishikilie, maana alfajiri samaki ananunuliwa kwa hesabu ya walaji.

– Si bora umrejeshee pesa yake siku ile ile?
– Akiacha kabisa, ndiyo. Kwa siku moja, makato ya kutuma yatakula faida.
– Wangu Ijumaa wanataka baada ya sala, wengine kabla. Nishachoka!