C iliyosahaulika haionekani ukidiferenshieti jibu

Wanafunzi wa Kidato cha Nne hufundishwa kwamba ukishaintigreti, diferenshieti jibu lako. Likirudi lilivyokuwa swali, umepata. Ushauri huo ni mzuri, ila una tundu moja, na C, ile namba isiyobadilika inayoongezwa mwishoni mwa jibu la intigresheni, hupenya papo hapo.

Chukua ∫(6x² − 4x + 3)dx. Mwanafunzi akiandika 3x³ − 2x² + 3x, amegawanya 6 kwa kipeo cha zamani, 2, badala ya kipeo kipya, 3. Akidiferenshieti anapata 9x² − 4x + 3. Hiyo 9 inamwambia kosa liko kwenye kijisehemu cha kwanza na kwingine kote ni sawa. Anarekebisha: 2x³ − 2x² + 3x. Anarudia kukagua, anapata 6x² − 4x + 3, anatia tiki na kuhamia swali linalofuata. C haipo, na ukaguzi wake haungeweza kumwonyesha, kwa sababu namba isiyobadilika ikidiferenshietiwa huwa sifuri. Awe ameandika + C, + 7 au hakuandika chochote, ukaguzi unatoa jibu lile lile.

Kwa nini C iwepo? Fikiria matatu mbili zinazoelekea Kisumu, moja imetoka Nakuru na nyingine Kericho, zote kwa kilomita 80 kwa saa. Baada ya nusu saa kila moja imeongeza kilomita 40. Lakini ukiuliza kila moja iko umbali gani kutoka Nakuru, mshale wa spidi hauwezi kukujibu. Lazima ujue ilianzia wapi. C ndiyo stendi ya kuanzia.

Kwa hiyo ukitunga karatasi ya mazoezi, usiijaze maswali ya ∫ matupu. Hayo humzoesha mwanafunzi kuona C kama pambo la mwishoni, kitu cha kumridhisha mtahini tu. Weka mapema maswali yanayotaja nukta. Kwa mfano: dy/dx = 2x + 3, na mchoro unapita (1, 9). Asiye na C anaandika y = x² + 3x na anafaulu ukaguzi wa kudiferenshieti. Mwambie sasa aweke x = 1: anapata 4, si 9. Hapo pengo la 5 limejitokeza lenyewe, na jibu ni y = x² + 3x + 5. Kila swali la aina hii lina ukaguzi wa aina mbili: kudiferenshieti kunapima umbo la mchoro, kuingiza nukta kunapima mahali ulipo. Waachie nafasi ya kuandika yote mawili kando ya jibu, la sivyo watafanya ule wa kwanza tu.

Pale C inapouma zaidi ni kwenye mwendo, ambako unaintigreti mara mbili. Kitu kinaanzia O kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, na a = 6t − 8. Kasi ni v = 3t² − 8t + C, na kwa kuwa v = 5 wakati t = 0, C ni 5. Ukiintigreti tena, s = t³ − 4t² + 5t + D, na D ni sifuri kwa kuwa kilianzia O. Tazama yaliyoipata ile 5: sasa ni 5t. Aliyeisahau anaandika s = t³ − 4t², kisha anadiferenshieti mara mbili na kupata 6t − 8 bila dosari. Anajiamini kabisa. Lakini sekunde ya 2 yeye anasema kitu kiko −8, kumbe kiko mita 2 upande wa pili wa O. Akiulizwa kilisimama lini, atasema t = 0 na t = 8/3; jibu ni t = 1 na t = 5/3. Kusahau kumoja, maswali mawili yameharibika. Dawa ni kutafuta C mara tu baada ya intigresheni ya kwanza, kabla ya kugusa ya pili.

Kuhusu wakati wa kuiandika: alama ya ∫ na dx zinapoondoka kwenye mstari, C inaingia kwenye mstari huo huo. Akisubiri amalize kurahisisha sehemu, ataisahau. Na asiiandike ∫ ikiwa bado ipo. Hilo nalo ni kosa.

Malizia karatasi kwa swali moja lenye mipaka, kama ∫(2x + 3)dx kutoka x = 1 hadi x = 3. Ukishawakazania C, wapo watakaoandika 14 + C. Waonyeshe kutoa kwenyewe, F(x) ikiwa x² + 3x: (F(3) + C) − (F(1) + C). C mbili zinafutana, na kinachobaki ni namba tupu.