Pasi usimpe fundi (nilipoteza friza zima kwa mdomo na bisibisi)

*Aliyeuliza: "Wakuu, nimehamia Kigoma mwezi huu, naishi Mwanga. Juzi mgahawani niliagiza ugali wa muhogo na migebuka, nikaletewa wali maharage, nikala kimya kwa aibu. Jana nimenunua pasi, nimefika nyumbani taa inawaka lakini haipati moto. Fundi jirani anasema aifungue kwanza aone tatizo, halafu kesho niende dukani niwawakie. Nisemeje kwa adabu lakini nieleweke? Na ile soda niliyoletewa bila kuagiza, nilitakiwa kuilipa?"*

Usimpe fundi hiyo pasi! Kama umeshampa, acha kusoma, kaichukue, halafu urudi tuendelee. Salamu baadaye.

Niko hapahapa Mwanga mwaka wa sita sasa. Mwaka wangu wa pili nilinunua friza la kulala kwa laki saba na themanini. Duka silitaji, kwa sababu mwenye duka hakuwa na kosa. Mwenye kosa ndiye anayekuandikia. Nilitaka kuuza barafu na maji ya baridi pale nyumbani, na joto la hapa unalijua. Kwenye guta lililazwa ubavu, kwa hiyo lilipofika nililisimamisha nikaliacha hadi asubuhi bila kuwasha, maana friza likilazwa oili ya kompresa inahamia kwenye mabomba, na ukiwasha papo hapo unaweza kuiua kompresa. Hilo nilielekezwa dukani na nilitii. Ni sifa yangu pekee katika hadithi hii, naomba mniachie.

Asubuhi nikawasha. Likanguruma vizuri, taa ya kijani ikawaka, nikaenda kazini nikijiita mfanyabiashara. Jioni narudi, naingiza mkono, ndani kuna joto la kabati la nguo. Maji ya mifuko yako vilevile yalivyoingia. Kompresa inazunguka tu. Nikipapasa ubavu wa nje, pale ambapo friza lisilo bovu hupata uvuguvugu likifanya kazi, naukuta umepoa kama ukuta wa nyumba. Leo najua maana yake: kompresa ikizunguka na ubavu hautoi joto, mara nyingi gesi imeshavuja. Siku ile sikujua kitu, na wala sikuhitaji kujua. Nilihitaji sentensi mbili tu kwenye simu, jioni ileile:

"Samahani bosi, friza nililochukua jana linawaka ila halipoozi. Naomba mje mliangalie."

Basi. Risiti ninayo, waranti ya mwaka mmoja ninayo, friza halijaguswa. Ningelala usingizi.

Badala yake nilimpigia shemeji. Huyu ni mtu anayejua kila kitu isipokuwa anachokifanya kwa sasa. Akaniambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka napandwa na mori: "Shem, usiende dukani mikono mitupu. Kwanza mlete fundi akwambie ugonjwa wenyewe, ndipo uende na ushahidi. Na ukifika usibembeleze. Wauzaji wanaelewa ukali tu." Naona kaka yake amehamia kwako anajiita fundi jirani.

Fundi akaja. Nyuma, karibu na kompresa, kuna kijibomba cha shaba ambacho kiwandani hubanwa na kuzibwa baada ya kujaza gesi. Yule bwana akakikata, akachomelea valvu ya kujazia, akajaza gesi, akachukua elfu sabini. Friza likapooza! Nikamwita shemeji tukanywa maji ya baridi, akavimba kichwa. Siku ya tano joto likarudi, kwa sababu tundu lililovujisha gesi ya kwanza halikutafutwa, na gesi ya pili ikapita mlango uleule.

Hapo ndipo nikaenda dukani. Siku ya saba, Jumamosi, duka limejaa watu. Nikaingia na hotuba niliyofundishwa: mmeniuzia takataka, nyie ni wezi, nataka hela yangu sasa hivi. Nilisema dakika nzima. Wateja wakageuka kunitazama, na mama mmoja aliyekuwa anachagua jagi la umeme akalirudisha rafuni akatoka. Mwenye duka, mzee mpole kabisa, akaniacha nimalize. Kisha akauliza swali moja: "Fundi ameligusa?"

Nikaanza kutafuta mate.

Akamtuma kijana wake kuja nami nyumbani. Kijana akainama nyuma ya friza, akamulika na tochi ya simu, hata pumzi hakuvuta. Akapiga simu: "Bosi, limekatwa." Nikapewa simu, na mzee akaniambia bila hata kupandisha sauti: "Kijana wangu, mimi hili ninalirudisha Dar kwa aliyeniuzia. Yeye kitu cha kwanza anatazama stika na lile bomba. Ungenipigia siku ya kwanza ningekubadilishia jioni ileile, liko jingine stoo. Sasa hili nimpelekee nani?"

Na hata sheria isingenibeba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu kisichofanya kazi yake, lakini inasema pia kwamba ukikaa nacho kupita muda wa kuridhisha bila kusema, au ukikifanyia jambo linaloonyesha umeshakimiliki, unahesabiwa umekikubali. Kukata bomba na kuchomelea valvu, niambie wewe kama hiyo ni lugha ya mtu anayetaka kurudisha.

Friza bado ninalo. Linatunza unga wa muhogo, na halijawahi kuingia panya. Ni kabati la unga la ghali kuliko yote Mwanga, karibuni kutalii.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: sema mapema, sema kifupi, na kiwe hakijaguswa. Kwenye kifupi ndipo watu wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Sema kitu kimefanya nini, usiseme mtu amefanya nini. "Pasi hii taa inawaka ila haipati moto" ni habari ya pasi. "Mmeniuzia pasi mbovu" ni habari ya muuzaji, na akisikia hivyo anaacha kuitazama pasi, anaanza kujitetea. Kiswahili chenyewe kimekupa njia ya kupitia: nimeletewa, nimepewa, imetoka na hitilafu. Hakuna mtuhumiwa hapo. Halafu weka ombi moja: "naomba unibadilishie". Siyo unibadilishie AU unirudishie hela AU unipunguzie. Ukitaja matatu atachagua linalomfaa yeye. Ukishaomba, nyamaza. Mimi ningejua kunyamaza ningekuwa nauza barafu.

Wewe kesho fanya hivi. Irudishe pasi kwenye boksi lake, na kile kikaratasi cha waranti na mfuko wa nailoni urudishe vilevile ilivyotoka. Chukua risiti. Kama hukupewa risiti, sina la kukusaidia zaidi ya kukuombea muuzaji akukumbuke sura, na siku nyingine idai kabla hujatoka. Usiwahi mlango unapofunguliwa. Wenye maduka wengi huku hawapendi mtu wa kwanza wa siku awe wa kurudisha kitu, wanaona umewafungulia siku vibaya. Subiri saa nne hivi, wakishauza kidogo na pale kaunta hakuna foleni. Salimia kwanza, na kama ni Muha mwambie "mwakeye", utaona uso unavyofunguka. Kisha: "Samahani kaka, pasi hii niliichukua hapa juzi, taa inawaka ila haipati moto. Naomba unibadilishie." Mwekee mezani pamoja na risiti. Mwache aichomeke mwenyewe kwenye soketi yake, asubiri dakika mbili, aguse bati kwa mkono wake. Mkono wake ukikuta baridi, maneno yameisha. Na ile mpya atakayokupa, ichomekeni palepale kabla hujaaga. Haya ya kufika nyumbani ndiyo ugundue ni uzembe wetu sisi wanunuzi, tunaona aibu kumwambia muuzaji "naomba tuijaribu". Hakuna muuzaji wa vyombo vya umeme anayeshangaa ombi hilo.

Akikuuliza kama fundi ameigusa, unasema "hapana" ukiwa unamtazama machoni. Hujui neno hilo lina thamani gani. Mimi najua: laki saba na themanini, pamoja na elfu sabini ya fundi.

Mgahawani ni kanuni ileile, ila saa yake ni fupi sana: inaisha unapomega tonge la kwanza. Sahani isiyoguswa ina pa kwenda, labda kuna mtu meza ya pili anasubiri wali maharage wake na yeye kapelekewa migebuka yako. Sahani iliyochovywa ni yako, hata kama hukuiagiza. Kwa hiyo kabla hujanawa: "Samahani dada, niliagiza ugali na migebuka, nimeletewa wali." Kwa sauti ya chini, akiwa karibu nawe. Usiite kutoka ng'ambo ya ukumbi mbele ya bosi wake. Dada mmoja anayetuhudumia pale karibu na soko aliniambia kosa la oda mara nyingine linakatwa kwenye posho yake ya siku, wakati aliyekosea ni wa jikoni. Ndiyo maana nasema "nimeletewa", maana ukisema "umeniletea" umeshamhukumu. Na usiseme "haina shida, nitakula tu" halafu ukanuna hadi mwisho. Hiyo siyo adabu, ni kumnyima nafasi ya kurekebisha.

Uliuliza kitu kingine pia, cha soda sijui… wengine watakujibu, mimi akili yangu iko kwenye hiyo pasi. Fundi jirani akija jioni mkaribishe chai, bisibisi aiache kwake. Na kama ana dada, usimuoe.