Mangi anatudai 186,000 na kila mwezi tunalipa, inakuaje?

*Shangazi shikamoo. Mume wangu ni mlinzi, mshahara unaingia tarehe 28, mimi napika vitumbua asubuhi siku nne kwa wiki. Vitu vya ndani tunachukua kwa Mangi hapa mtaani, anaandika kwenye daftari lake. Januari tulikuwa tunadaiwa 66,000. Kila mwisho wa mwezi nampelekea laki moja, hatujaruka hata mwezi mmoja, lakini juzi mwisho wa Mei kanisomea 186,000 mbele ya watu. Mume anasema Mangi anatuibia, mimi sina uhakika. Kwa sasa napita njia ya nyuma nisionane naye. Nifanye nini? Mama Junior, Mbagala.*

Marahaba mwanangu. Kabla hujamwita Mangi mwizi hebu tupige hesabu, we umeniandikia namba zote zinazotakiwa. Kutoka mwisho wa Januari mpaka mwisho wa Mei ni miezi minne, na deni limepanda 120,000, yani 30,000 kila mwezi. Sasa kama unalipa laki na bado linapanda elfu thelathini, maana yake mnachukua vitu vya 130,000 kwa mwezi, ukigawa kwa siku ni kama 4,300 hivi. Jiulize, nyumba yenu inaweza kula 4,300 kwa siku dukani kwa Mangi? Unga, mafuta ya kupima, sukari, sabuni, majani ya chai, yai la mtoto... inaweza kabisa. Kwahiyo huenda hakuna aliyekuibia hata shilingi.

Lakini kuna kitu umekitaja ukakipita haraka na mimi kimenikaa, hivyo vitumbua. Sukari na mafuta ya vitumbua unachukua wapi? Nakuhakikishia kwa Mangi, kwa daftari lilelile la unga wa nyumbani. Tuseme sukari nusu kilo na mafuta ya kupima, vyote kwa siku vifike 3,000, siku nne ni 12,000 kwa wiki, mwezi 48,000. Vitumbua vinaisha asubuhi saa tatu, hela unayo mkononi, unapitia sokoni unanunua dagaa na mchicha, unampa mtoto nauli, jioni hela haipo na sukari ya kesho unaenda kuiandikisha tena. Yani biashara inakula mkopo halafu mshahara wa mlinzi ndo unailipia, na mwisho wa mwezi unaona nyumba ndo inakula sana kumbe nyumba ni 82,000 tu. Hizo bei ni za kukisia, weka za kwako, ila nitashangaa sana kama picha itabadilika.

Kwahiyo cha kwanza kabisa, vitu vya vitumbua visiandikwe tena. Ukimaliza kuuza, kabla hujafika sokoni, toa ile 3,000 ununue sukari na mafuta ya siku inayofuata kwa taslimu, hapohapo, vikae ndani. Siku ya kwanza itauma maana ile ndo hela ya mboga uliyozoea, pengine mtakula maharage siku mbili mfululizo, lakini ni siku ya kwanza tu, baada ya hapo mtaji unajizungusha wenyewe. Na ukiona hela ya mauzo haitoshi kurudisha hiyo 3,000 pamoja na mchele na mkaa, bas hapo shida ni bei ya kitumbua chako au ukubwa wake, tutaongea siku nyingine.

Sasa daftari. Daftari la Mangi ni la Mangi, na mara nyingi linaandikwa "Mama Junior 3,500" bas, haijulikani ni nini wala nani kachukua. Nunua lako dogo la mkononi, lile la mia tano, lifungwe na kamba liwe linaenda dukani na anayetumwa. Akienda Junior, Mangi anaandika humo humo: tarehe, kitu, kiasi, bei, na nani kaja. Sukari robo, 750, Junior. Mstari mmoja tu, wala hatakataa, na yeye linamsaidia. Halafu mwambie wazi kwamba bila hilo daftari kisitoke kitu kwa jina lako. Utashangaa mwezi huohuo vocha na sigara za shemeji zinavyopungua, maana kwenye hizi nyumba zetu huwa kuna mtu anasema "andika kwa mama Junior" na wewe huna habari.

Jumapili jioni, wakati duka limepoa, kaeni mlinganishe madaftari mawili. Msisubiri tarehe 28, mwezi mzima nani anakumbuka kama tarehe 9 ilikuwa mafuta ya 1,000 au ya 1,500. Makosa yenyewe huwa yanakaa sehemu mbili. Moja ni ukurasa ukijaa, anahamisha jumla kwenda ukurasa mpya, na hapo 86,000 inageuka 96,000 bila mtu kukusudia, kwahiyo angalia jumla ya ukurasa wa zamani na ule mstari wa juu wa mpya, na ule wa zamani ukatwe mstari mbele yako. Ya pili ni hela uliyomwachia kijana wa dukani Mangi akiwa hayupo. Ukilipa kwa simu meseji unayo, ukilipa mkononi iandikwe kwenye madaftari yote mawili kabla hujaondoka hapo kaunta.

Na hiyo 186,000 itengwe. Mwombe Mangi aiandike ukurasa wake peke yake, iitwe deni la zamani, isiongezwe kitu chochote. Vitu vipya viende ukurasa mwingine na visizidi 20,000 kwa wiki, ikifika hapo hata kama ni Alhamisi mnasimama mpaka Jumatatu. Hapo nyumba inakuwa 80,000 na zaidi kidogo kwa mwezi, ile laki ya mshahara inafuta vipya vyote na inabaki kama 18,000 ya zamani. Kwenye vitumbua ongeza 5,000 kila wiki, jumla 38,000 kwa mwezi, deni linaisha ndani ya miezi mitano hivi. Bila hiyo 5,000 ni miezi zaidi ya kumi, na mimi siamini mtu anavumilia miezi kumi.

Mtihani wenyewe ni jioni ya tarehe 28. Mmelipa asubuhi, kabati tupu, jioni mnachukua unga, mchele, mafuta, sabuni kwa mpigo, 25,000 hiyo imeshaandikwa na mwezi haujaanza. Ongea na baba Junior mapema, unga na mchele wa wiki mbili vinunuliwe taslimu siku hiyohiyo ya mshahara, hata kama kwa Mangi itabidi mpeleke 80,000 kwanza na 20,000 iliyobaki ifuate kwenye vitumbua. Ukishafanya hivyo lile daftari linabaki la vitu vidogo tu.

Ila usiende kufungua deni duka la pili, najua umeshalifikiria. Mangi atajua kabla ya jua kuzama, na hapo hata unga robo hatakukopesha.

Hiyo ya kusomewa mbele za watu mwambie tu, "Mangi ya juzi haikunipendeza, deni nalijua, tuongee wawili." Mwambie Jumatatu asubuhi ukiwa na ile 5,000 ya kwanza mkononi na daftari lako jipya, pita njia ya mbele.