Tisheti Imerudi Kwenye Draya: Kwa Nini, na Utaivutaje

Msomaji aliyehamia Kanada ameniandikia kwa masikitiko. Tisheti yake ya pamba tupu ilikuwa inamfika chini ya kiuno. Baada ya kupita kwenye draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, ya jengo analoishi, akiinua mkono tumbo linaonekana. Anauliza kama mashine ile ina moto kupita kiasi, na kama tisheti bado ina dawa.

Dawa ipo, ila tuanze na chanzo, kwa sababu wengi wanaulaumu moto peke yake. Kitambaa cha tisheti kimefumwa kwa vitanzi vidogo vinavyoshikana, kama sweta, isipokuwa vyake ni vidogo mno kuonekana ukiwa mbali. Kiwandani kitambaa hicho huvutwa karibu kila hatua: kinapofumwa, kinapotiwa rangi, kinaponyooshwa na kukunjwa kwenye marobota. Kinavutwa zaidi kwa urefu, na vitanzi vinalala vikiwa vyembamba na virefu. Kikikauka katika hali hiyo, hubaki hivyo. Kwa hiyo sehemu ya urefu uliolipia dukani ni mvuto wa mashine uliogandishwa ndani ya nguo.

Maji ndiyo yanayofungua mgando huo. Pamba inakunywa maji, nyuzi zinavimba, na vile vifungo vidogo vilivyoushikilia uzi mahali pake vinaachia. Kitanzi sasa kinataka kurudi kwenye umbo lake la asili, ambalo ni fupi na pana. Ukianika tisheti kwenye kamba, uzito wa maji unaivuta chini na msuguano kati ya nyuzi unavizuia vitanzi visisogee sana, hivyo inarudi kidogo tu. Ndani ya draya hakuna kinachoishikilia. Inabebwa juu, inaangushwa, inapigwa na nguo nyingine, na kila mtikisiko unavipa vitanzi nafasi ya kusogea hatua moja zaidi. Moto unaharakisha kazi kwa kuondoa maji haraka.

Sehemu kubwa ya kusinyaa hutokea mwishoni, nguo inapokaribia kukauka kabisa. Hapo nyuzi zilizovimba zinanywea, vitanzi vinakaribiana, na mashine bado inazunguka. Zile dakika za mwisho unazoongeza "ili ikauke vizuri" ndizo zinazokula sentimita zako.

Shati la kawaida, ambalo nyuzi zake zinapishana wima na mlalo, hurudi kidogo kuliko tisheti kwa kuwa nyuzi zake hazina nafasi ya kusogea hivyo. Hata hivyo linarudi, na ndiyo maana anayejua kushona huloweka kitenge cha pamba na kukikausha kabla ya kukipeleka kwa fundi. Gauni la kitenge ambacho hakikulowekwa likiingia kwenye draya, zipu inafanya mawimbi mgongoni na bitana ya poliesta inachungulia chini ya pindo: kitenge kimerudi, zipu na bitana havikurudi. Poliesta hainywi maji, na kiwandani huwa imeshatulizwa kwa joto kali kuliko la draya ya nyumbani.

Sasa tuishike hiyo tisheti. Kabla ya kuilowesha, ilaze mezani na uipime kutoka begani, karibu na kola, hadi kwenye pindo, kisha upana chini ya makwapa. Kama huna vipimo vya zamani, tumia tisheti nyingine inayokukaa vizuri. Tuseme ilikuwa na urefu wa sentimita 72 na sasa ina 68, na upana umetoka 54 hadi 53. Imepoteza kama asilimia 5 na nusu ya urefu, na upana karibu wote upo. Hicho ni kipimo cha kutia moyo. Ikiwa imepoteza sentimita 10, utaipunguzia aibu tu, hutaimaliza.

Weka lita 5 za maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yale ambayo mkono unayahisi kama hayana joto wala baridi. Changanya vijiko 5 vya chakula vya kondishena ya nywele hadi mabonge yaishe, ndipo uzamishe tisheti kwa nusu saa. Kondishena hairefushi uzi. Kazi yake ni kuuvalisha utelezi, ili vitanzi viteleze unapovuta badala ya kukwaruzana. Shampuu haifai hapa, maana haiachi utelezi huo.

Itoe na uikamue kwa kuibonyeza, usiisokote. Isuuze mara moja kwa maji baridi, kondishena isije ikaacha madoa. Ilaze juu ya taulo kavu, kunja taulo na tisheti pamoja kama mkeka, na ukandamize mpaka iache kutiririka. Inatakiwa ibaki na unyevu wa kutosha kuhisi ubaridi wake.

Kuvuta ndiko watu wanakoharibu. Wanashika mabega kwa mkono mmoja na pindo kwa mwingine, wananyonga kama wanavuta kamba. Matokeo yake mabega yanalegea, kola inapanuka na katikati pamebaki vilevile. Vuta vipande vya upana wa kiganja: anza chini ya kifua, shuka taratibu hadi kwenye pindo, kisha rudia mbele na nyuma. Mikono ya tisheti ivute peke yake. Kola usiiguse. Kwenye mishono ya pembeni vuta polepole zaidi, kwani uzi wa kushonea kwa kawaida ni poliesta na haunyumbuki kama kitambaa; ukisikia "tik", mshono umekatika, acha hapo.

Pima tena. Kwa mfano wetu, ifikishe 73, sentimita moja kupita lengo, kwa sababu itajirudi kidogo ikikauka. Upana utapungua kadiri unavyovuta urefu, na hilo ni la kawaida. Ilaze juu ya taulo kavu sakafuni, weka chupa za maji zilizofungwa vizuri kwenye mabega na kwenye pindo, uiache ikauke yenyewe mbali na hita. Ukipata 71, umefanikiwa. Ukipata 69, rudia mara moja. Ikigoma tena, hapo ndipo mwisho wake.

Usiirudishe kwenye draya. Umevuta vitanzi kwa mkono kama kiwanda kilivyovivuta kwa mashine, na maji pamoja na mzunguko vitavirudisha tena. Ukilazimika kuitumia, tafuta kwenye kibandiko alama ya mraba wenye duara: nukta moja ndani yake ni joto la chini, hadi nyuzijoto 60 za Selsiasi, nukta mbili ni hadi 80, na mraba huo wote ukiwa na mkato wa msalaba maana yake usithubutu. Kwa tisheti chagua joto la chini, uitoe mishono ikiwa bado ina unyevu, uinyooshe kwa mkono na kuianika kwenye hanga.

Sweta la sufu ni habari nyingine. Unywele wa sufu una magamba madogo, na ukitikiswa ukiwa na maji, magamba hayo yanashikana na unywele wa jirani na kuukokota upande mmoja tu. Likiwa limerudi kidogo na bado unaona vitanzi vyake, kondishena inaweza kukupa sentimita moja au mbili. Liinue kwenye mwanga: ukiona zulia zito lisilo na vitanzi, hilo halivutiki tena, mpe mtoto litakayemtosha.