Maswali na majibu: Ndege moja au mbili angani Ndola?

Shikamoo mwalimu. Naandika kuhusu ajali iliyomuua Dag Hammarskjöld. Mashahidi wengine wanasema waliona ndege mbili, wengine moja tu. Nianze na nani?

Marahaba. Anza na yale wasiyobishania. Usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6 ilikuwa ikimpeleka Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kutoka Leopoldville kwenda Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, juu ya vita vya huko. Saa sita na dakika kumi usiku rubani aliujulisha mnara kwamba anaziona taa. Baadaye ikaanguka msituni, kilomita kama 15 kutoka uwanjani. Ukishaweka hayo, msomaji ataona mgogoro uko wapi hasa: katika dakika chache baada ya mazungumzo yale ya redio. Hapo ukitanguliza upande huu au ule haina madhara makubwa, mradi useme kwa nini umefuata mpangilio huo. Mimi ningefuata tarehe ambayo kila ushahidi uliandikwa.

Mhariri wangu anasema nikiwapa aya mbili mbili kila upande, haki imetendeka. Kweli?

Hapana. Haki haipimwi kwa rula. Waulize wote maswali yaleyale: ulisimama wapi, ulikuwa ukitazama upande gani, uliona nini kwa macho yako, ulimwambia nani kwanza, lini, na kwa lugha gani? Kwa Ndola swali la lugha si la kupamba, kwa sababu wachoma mkaa wa eneo lile, waliokuwa miongoni mwa mashahidi, hawakuzungumza Kiingereza cha tume zilizochunguza ajali.

Kisha tenganisha kilichoonekana na kilichohitimishwa. Shahidi akisema, "Niliona mwanga mdogo juu ya ndege kubwa," hicho ndicho alichokiona. "Ilikuwa ndege ya kivita iliyoishambulia" ni hitimisho, lake au la aliyemhoji. Na upande wa pili vilevile: aliyesema "niliona ndege moja" hajasema kwamba nyingine haikuwapo. Huenda miti ilimziba, huenda alitoka nje ya kibanda akiwa amechelewa. Ukilichuja hivyo, sehemu ya ubishi huyeyuka yenyewe. Iliyobaki ndiyo ya kupanga bega kwa bega.

Halafu chunga vitenzi. Nimeona makala ambamo mzungu wa mnarani "alieleza" na mchoma mkaa "alidai". Kitenzi kimoja kimeshatoa hukumu. Wote "walisema", basi.

Waliojitokeza miaka 50 baadaye niwaweke pamoja na wa 1961?

Waweke, lakini andika umri wa kumbukumbu palepale kando ya maneno yao, si kwenye tanbihi. Baadhi yao walieleza kwamba wakati ule waliogopa kuonekana na serikali ya kikoloni kuwa wamehusika. Hiyo ni sababu ya kunyamaza, na msomaji anastahili kuijua. Anastahili pia kujua kwamba katika nusu karne hadithi ya ndege ya pili ilishazungumzwa sana, na kumbukumbu hunywa maji ya wengine.

Mzani huohuo utumie kwa ushahidi wa zamani. Tume ya Rhodesia ya 1962 ilisema ni kosa la rubani na haikuwapa uzito mashahidi Waafrika. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka uleule, iliacha suala wazi. Uamuzi wa tume ni habari, lakini usiutumie kuwa kipimo cha shahidi.

Na yule mlinzi aliyekuwa ndani ya ndege, Harold Julien, aliyeishi siku chache baada ya ajali? Walisema alikuwa akiweweseka.

Alizungumza juu ya mlipuko na cheche angani kabla hajafa hospitalini. Andika maneno yake, andika hali yake ya majeraha na dawa, na uandike kwamba tume ya Rhodesia iliyapuuza. Usiandike "aliweweseka" kwa sauti yako mwenyewe.

Msomaji atauliza: sasa ukweli ni upi?

Mwambie ni kitu gani kingeamua. Mazungumzo ya mnara hayakurekodiwa kwenye kanda, kwa hiyo kwa upande huo tuna maandishi na kumbukumbu tu. Jaji Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, aliongoza jopo la Umoja wa Mataifa la 2015 na akaendelea na kazi hiyo baadaye. Jopo halikuwagawa mashahidi kwa "wakweli" na "waongo"; lilipima kila taarifa kuwa haina uzito, dhaifu, ya wastani au ya nguvu. Nawe unaweza kusema hii ni dhaifu na ile ya wastani, ukitaja sababu. Othman amezidi kuzitaka nchi wanachama zifungue kumbukumbu zao za kijasusi, hasa za mawasiliano ya redio ya usiku ule. Maliza makala yako hapo: nyaraka gani zinatafutwa, na mkononi mwa nani.